Lebo ya ndani ya shati inatuambia nini kuhusu jasho na uimara? Nina mashati matatu ya mivumba, naomba tuyasome pamoja

Mwalimu_Ziwani (Entebbe)

Ndugu zangu, habari zenu. Ninafundisha shule ya sekondari hapa Entebbe, katika darasa la mabati lisilo na dari, na ifikapo saa sita mchana shati limekwisha kushikamana na mgongo kwa jasho. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho likishatoka halikauki upesi.

Mwaka jana nilinunua shati laini sana, jepesi, lenye ubaridi mkononi, na muuzaji akaniapia kwamba ni pamba safi. Baada ya miezi minne lilipasuka begani, na halikupasuka nikiwa nimelivaa. Lilipasuka mikononi mwangu nilipokuwa nikilikamua kwenye beseni. Hapo ndipo nilipoitafuta lebo ndogo iliyoshonwa kwenye mshono wa ubavuni, nikaona imeandikwa viskosi kwa asilimia mia. Tangu siku hiyo sinunui shati kabla ya kuligeuza ndani nje.

Jumamosi nimepata matatu Owino, kila moja shilingi 12,000, nami nanakili lebo zake kama zilivyo. Shati A ni la bluu, jepesi: `65% PES 35% CO`. Shati B ni jeupe, zito kidogo: `100% Baumwolle`, neno la Kijerumani. Jirani yangu ananiambia kwamba Wolle ni sufu, nami nashangaa ni nani angeshona shati la ofisini kwa sufu tupu. Shati C ni la milia, linabana mwili: `97% CO 3% EL`. Nataka kujua ni lipi litakalodumu angalau miaka miwili ya kufuliwa kwa mkono kila wiki, na ni lipi litakaloniruhusu kupumua darasani. Naomba mnieleze na sababu, ili safari ijayo niweze kuchagua mwenyewe.

Kaka_Owino (Kampala)

Mwalimu, mimi nauza mashati ya mivumba kwa mwaka wa saba sasa. Kanuni yangu ni moja: pamba asilimia mia chukua, nyingine zote acha. PES ni poliesta, nayo ni plastiki, haipitishi hewa, utapikika ndani yake. CO ni pamba na EL ni mpira wa kuvutika. Hilo la sufu rudisha haraka, litakuwasha.

Na ukitaka kuhakikisha kwamba hukudanganywa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la chini kwa ndani, uuchome kwa kiberiti. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu, hiyo ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu, hiyo ni poliesta. Kipimo hiki hakijanidanganya hata siku moja.

FundiMaabara (Jinja)

Ndugu Mwalimu, nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika maabara ya kiwanda cha nguo hapa Jinja kabla ya kustaafu, na karibu kila siku ya miaka hiyo nilikuwa nikivuta, kulowesha na kupima vitambaa. Niruhusu nianze na hilo la Kijerumani, kwa sababu linaweza kukupotezea shati zuri kuliko yote matatu. Baumwolle ni pamba. Kwao neno hilo limeunganishwa na mti na sufu, kana kwamba ungesema sufu ya mtini, na sufu ya kondoo wao huiandika Wolle peke yake au Schurwolle. Kwa hiyo usilirudishe shati B. Mivumba mingi hutoka Ulaya, na neno hili utalikuta tena na tena.

Sasa nije kwenye shati lako lililopasuka, maana ndani yake kuna somo lote. Watu wengi wakisoma lebo hujiuliza kama uzi ni wa asili au wa kutengenezwa. Mimi nakushauri ujiulize swali jingine: uzi huu unafanya nini ukilowa? Katika hali ya hewa yenu, shati hulowa mara mbili, kwanza kwa jasho mchana kutwa na tena kwenye beseni, na nyuzi hazifanani hata kidogo zinapokuwa na maji ndani.

Pamba ikilowa huongezeka nguvu. Viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Zote mbili chanzo chake ni mimea, ila viskosi hupatikana kwa kuyeyusha massa ya miti kwa kemikali na kuyavuta upya yawe nyuzi, na katika safari hiyo ile minyororo mirefu ya molekuli inayoipa pamba uimara hukatika na kuwa mifupi. Ndiyo maana shati lako lilivumilia siku nzima darasani, likashindwa ulipolikamua likiwa na maji. Viskosi hunywa jasho kuliko hata pamba, na ubaridi ulioupenda ulikuwa wa kweli. Haikuwa nguo mbaya. Ilifuliwa kama pamba, nayo si pamba. Ukiwa nayo nyingine, ibonyeze ndani ya taulo badala ya kuikamua, kisha uianike ikiwa imetandazwa.

Kwa hiyo, Kaka_Owino, kipimo chako cha moto ni kizuri kwa kuikamata poliesta, lakini kimekudanganya bila wewe kujua. Viskosi huungua kama karatasi vilevile, na harufu yake ni ileile. Huenda aliyemuuzia Mwalimu lile shati alichoma uzi kwa nia njema kabisa.

Kaka_Owino (Kampala)

Mzee wangu, hilo nimelipokea, ingawa linaniuma kwa sababu nimewaapia wateja wengi. Nitafanyaje basi kutenganisha pamba na viskosi pale sokoni, hasa nguo iliyokatwa lebo? Marobota mengine huja na nusu ya nguo zimekatwa lebo.

FundiMaabara (Jinja)

Tumia mate. Chomoa uzi mrefu kama kidole, ushike ncha zake mbili, ulambe katikati kisha uvute taratibu. Uzi wa viskosi hukatika palepale palipolowa, bila ubishi. Uzi wa pamba hukaza, na ukikatika mara nyingi hukatika mahali pakavu. Rudia kwa nyuzi tatu, wa kwenda na wa kukatisha, kwa sababu kuna vitambaa vinavyofumwa kwa nyuzi za aina mbili tofauti.

Mama_Bombo

Naomba nami niingie, kwa sababu jambo hili limenisumbua. Mwanangu ana shati la sare ya shule, na lebo yake inasema 65 na 35 kama shati A la Mwalimu. Halijapasuka mwaka wa pili sasa, lakini kola na kwapa zimejaa vijidonge vidogo vya nyuzi, na kwapani lina harufu isiyotoka hata nikilifua mara mbili. Kwenye lebo hiyohiyo kuna picha ya pasi yenye nukta mbili ndani. Nadhani jibu la Mwalimu limo kwenye hizo picha, kwa sababu nukta nyingi maana yake ni nguo imara. Je, sivyo?

Boda_Kasese

Mimi naendesha bodaboda, na ninyi mnaosifu pamba nadhani mnafanya kazi mmekaa. Nimevaa pamba miaka mingi. Ikishalowa jasho inakuwa nzito, inashikamana na mwili, na hadi jioni haijakauka. Sasa navaa jezi ya mpira wa miguu, ya poliesta asilimia mia, ninalowa saa nne na saa tano nimekauka kwa upepo. Hapa Kasese kuna joto kuliko huko Entebbe, na tena pamba tunailima sisi wenyewe, kwa hiyo siongei kwa kuidharau. Lebo inayosema poliesta mia si ya kuikimbia.

FundiMaabara (Jinja)

Nitaanza na Mama. Nukta zilizo ndani ya pasi hazielezi uimara, Mama yangu. Zinaeleza joto la juu la pasi. Moja ni nyuzi 110 hivi, mbili ni 150, tatu ni 200. Pamba tupu kwa kawaida hupewa tatu, na mchanganyiko wenye poliesta hupewa mbili kwa sababu poliesta hulainika ikizidishiwa joto, na kitambaa hubaki na mng'aro usiofutika. Pasi ya mkaa haina kipimo, kwa hiyo shati la mwanao lipigwe pasi kwa ndani, au kwa kitambaa chenye unyevu juu yake.

Vile vijidonge vina sababu yake. Nyuzi fupi hutoka juu ya kitambaa kila kinaposuguliwa, zikajisokota. Katika pamba tupu kijidonge hicho hukatika shina na kuanguka, kwa hiyo hukioni sana. Katika mchanganyiko, shina lake ni poliesta, nayo haikatiki, basi kijidonge hubaki kining'inia. Uimara uleule unaozuia shati lisipasuke ndio unaolifanya lionekane kuukuu. Harufu nayo ina asili inayofanana na hiyo: poliesta haipendi maji bali hupenda mafuta, na mafuta ya mwili hung'ang'ania juu yake hata baada ya maji baridi na sabuni kupita. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa kabla ya kulifua, na ulisugue kwapani likiwa limegeuzwa ndani nje.

Sasa ndugu yangu wa Kasese. Unachokisema kuhusu kukauka ni kweli, na ningekuwa mwongo kukupinga. Tuchukue shati la gramu 200. Likiwa pamba tupu, katika hewa ya kawaida linashika karibu gramu 8 za mvuke kwa kila gramu 100, yaani kama gramu 16, na bado ukiligusa unasema ni kavu. Poliesta hushika chini ya nusu gramu kwa kila gramu 100. Shati A la Mwalimu, kama lina uzito huohuo, lina gramu 70 za pamba na gramu 130 za poliesta, kwa hiyo jumla yake inakaribia gramu 6. Maana yake ni kwamba mtu anayetoka jasho kidogo kidogo, akiwa amesimama darasani bila upepo, hupata nafuu katika pamba, kwa sababu mvuke unaotoka mwilini unapokelewa kabla haujawa maji juu ya ngozi. Lakini mtu anayetiririka jasho huijaza pamba mapema, na ikishajaa hubakia na maji yake muda mrefu. Wewe una upepo wa pikipiki, Mwalimu hana. Na jezi yako imefumwa kwa vitundu unavyoweza kuviona kwa macho. Poliesta hiyohiyo ikifumwa kwa kubanana kama shati la ofisini, usingeivumilia hata saa moja.

Hapo ndipo lebo inapofikia mwisho wake. Asilimia zilizoandikwa ni za uzito, aina iliyo nyingi hutangulia, na Ulaya wanaruhusu tofauti ya pointi tatu hivi kiwandani. Lebo haisemi kitambaa kimebanana kiasi gani, wala uzi umesokotwa kwa nguvu gani, wala nyuzi za pamba yenyewe zina urefu gani. Pamba inayolimwa Uganda, ile ya aina ya BPA iliyoanzia kituo cha Bukalasa, ina nyuzi za karibu milimita 29, na uzi wake hutoka laini na wenye nguvu. Pamba ya nyuzi fupi, au mabaki yaliyochambuliwa upya, huandikwa asilimia mia vilevile, na shati lake huanza kuchanika kwenye ukingo wa kola upesi. Kwa hiyo, Mwalimu, nenda dirishani na mashati yako. Nyoosha kitambaa cha mgongoni mbele ya mwanga uone vitundu, kisha uweke kitambaa mdomoni, upulize, na mkono wako uwe upande wa pili. Tuambie ulichokiona kabla sijakushauri chochote.

Msomaji_Busia

Kwa hisani yenu, nina swali dogo. Huku mpakani tunaletewa mashati mapya yenye kitambaa kikubwa shingoni kinachotaja pamba kwa herufi za kupendeza, bila asilimia yoyote. Nilinunua mawili, na kwenye mshono wa ubavuni nikakuta poliesta 80. Ni lebo ipi ya kuaminiwa?

Kaka_Owino (Kampala)

Ya ubavuni, ndugu. Hilo nalijua vizuri. Kitambaa cha shingoni ni tangazo, na mara nyingine hutaja mguso wa pamba, yaani inavyohisi mkononi, si ilivyo. Ile ya ubavuni ndiyo yenye namba. Mahali pasipo na namba, mimi huhesabu kwamba sijaambiwa kitu.

Mwalimu_Ziwani (Entebbe)

Nimefanya ulivyoniagiza, Mzee wangu, na nimeongeza jaribio la maji. Nilidondosha tone moja la maji kwa kijiti mgongoni mwa kila shati, yote matatu yakiwa yamekwisha kufuliwa.

Shati B, lile la Baumwolle, lilinywa tone papo hapo na kulitandaza kama sarafu. Hata hivyo dirishani halikuonyesha vitundu karibu kabisa, na nilipopuliza nilihisi pumzi kwa shida sana mkononi. Limefumwa kwa nyuzi mbili mbili zinazopishana kama mkeka. Shati A lilinishangaza: tone lilikaa kwa muda wa kuhesabu hadi sita kabla ya kuzama, lakini vitundu vilionekana wazi na pumzi ilipita bila kizuizi. Shati C lilikuwa katikati kwa maji, na kwa pumzi pia, ila nikilivuta lilirudi polepole kwenye viwiko, kana kwamba ule mpira umechoka.

Jumatatu nilivaa B na Jumanne nikavaa A, vipindi vilevile. Nikiwa ndani ya B, hadi saa tano sikuhisi unyevu. Baada ya hapo mgongo wote ulilowa na ukabaki hivyo hadi nilipofika nyumbani. Nikiwa ndani ya A nilihisi majimaji mapema zaidi, kama saa nne, lakini hewa ilipoingia dirishani baada ya mvua ya mchana lilikauka. Sasa nimechanganyikiwa, kwa sababu lebo iliniahidi kwamba B ndilo litakaloshinda.

FundiMaabara (Jinja)

Lebo haikukudanganya, ila B ni pamba nzito iliyofumwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ufumaji huo wa mkeka ni mzuri kwa uimara, na B ndilo litakalodumu kuliko mengine: pamba tupu, ikilowa huongezeka nguvu, inavumilia kukamuliwa na pasi ya moto. Livae miezi ya baridi kidogo, Juni na Julai, au siku ambazo huna vipindi vingi. Unachokitafuta kwa siku za joto ni herufi zilezile za B katika kitambaa cha A: pamba tupu, ufumaji wa kawaida wa uzi mmoja juu na mmoja chini, wepesi unaoonyesha vitundu dirishani. Wauzaji hukiita poplini. Ukikipata chenye kitani ndani yake, yaani `LI`, hata asilimia 30, usikiache, maana kitani nacho huongezeka nguvu kikilowa na hakishikamani na mwili. Kasoro yake ni kwamba hukunjika sana, na kwenye mkunjo wa kola huchakaa kabla ya sehemu nyingine.

Shati A litadumu miaka miwili bila wasiwasi wowote, lakini angalia kitu kimoja. Pamba iliyomo ndiyo itakayosagika kwanza, poliesta ibaki. Kadiri miaka inavyokwenda, kitambaa chembamba cha ukingo wa kola na ncha za mikono kitakuwa na poliesta zaidi ya ile iliyoandikwa, na kitakunywa jasho pungufu zaidi ya leo. Kuhusu C, hizo asilimia 3 ndizo za kwanza kufa. Elasteni huchoshwa na joto la pasi na jua kali, na jiki huigeuza rangi ya njano na kuivunja. Shati halitapasuka, ila litalegea viwikoni, na kwa ulivyoeleza limeshaanza. Lianike kivulini.

Mama_Bombo

Nimeloweka shati la mwanangu kama ulivyosema, Mzee, na harufu imepungua sana, ingawa akitoka jasho inarudi kidogo. Nashukuru kwa hilo la nukta. Je, fundi akinishonea sare kwa kitambaa cha kukata dukani, ambacho hakina lebo kabisa, niulize nini?

FundiMaabara (Jinja)

Omba kuona ncha ya jora, Mama, mahali kitambaa kinapoanzia au kwenye ukingo wake wa pembeni. Mara nyingi pamechapwa mchanganyiko wake. Kama hapana kitu, omba kipande cha vidole vinne, uchomoe nyuzi zake na kuzijaribu kwa mate na kwa moto, vyote viwili. Punje nyeusi ngumu zikitokea ndani ya jivu laini, ujue ni mchanganyiko. Kiasi cha kila kimoja huwezi kukijua kwa kiberiti. Sisi maabara tulikuwa tukiyeyusha aina moja kwa tindikali na kupima uzito wa iliyobaki.

Boda_Kasese

Nimesoma yote, na hoja ya upepo naikubali. Lakini Mwalimu mwenyewe amesema shati la poliesta 65 lilikauka na la pamba halikukauka. Msimu wa mvua, hata nguo ya kwenye kamba haikauki siku mbili. Mtu mwenye mashati matatu atavaa nini siku ya tatu kama yote ni pamba?

Mwalimu_Ziwani (Entebbe)

Ndugu, hilo ndilo linalonisumbua pia, maana wiki iliyopita B lilikaa kambani tangu Jumamosi asubuhi na Jumatatu kola yake ilikuwa bado na unyevu. Nimeamua kuweka A na B, na C nimempa mdogo wangu. Jumamosi narudi Owino kutafuta poplini nyepesi ya pamba tupu. Nikiipata nitaianika kamba moja na A, kwa wakati uleule, nami nitaandika hapa ni ipi iliyotangulia kukauka na kwa saa ngapi.

Kaka_Owino (Kampala)

Ukifika uniulizie upande wa mashati ya kiume, Mwalimu. Nimeanza kuyatenga kwa lebo za ubavuni, na yale ya viskosi nayauza peke yake, nikimwambia kila mteja asiyakamue.